Ubeti Usiomfaa Mke wa Mtu Mwingine

Unataka kugeuza ukurasa wa gazeti. Nakuona. Umeliona jina langu hapo juu, umesema, "Huyu mlalamikaji tena," na jicho limeshakimbilia matokeo ya mpira.

Umezoea kuangalia pembeni. Mwaka ule tulipofungiwa geti la kiwanda siku tisa, ulipita na mkate wako kwapani ukijifanya unasoma saa. Sikusahau. Mimi sisahau kitu. Lakini leo sitaki uje getini. Leo nataka uangalie rafu yako ya vyombo, pale ulipoegemeza kadi za Krismasi. Nitakwambia kwa nini. Keti kwanza.

Kwa aliyechelewa: mimi ni mkata karatasi katika kiwanda cha uchapaji, na ni mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi kwa mwaka wa kumi na nne. Wenzangu wananiita Kipaza. Mke wangu ni mkunga. Wiki iliyopita nilikiri mbele yako kwamba Krismasi ya mwaka jana nilimpa kadi niliyoiokota kwenye meza ya kukunjia, yenye Ubeti Namba Tisa. Akaipeleka kazini, akaibandika ukutani chumba cha wakunga. Ukutani pale zilikuwapo nyingine mbili. Zote Namba Tisa.

Waume watatu, wake watatu, maneno yale yale. Na mume mmoja kati yao ndiye aliyeyakata.

Mke wangu hakupiga kelele. Alisubiri karibu mwaka mzima, kisha mwezi uliopita akaweka fomu mezani. Fomu ya uhamisho. Zahanati ya mbali, safari ya siku mbili, nyumba ya mtumishi ipo. Ilikuwa imejazwa yote isipokuwa sahihi.

"Ya nini hii?" nikauliza.

"Soma. Si unasoma mikataba wewe?"

"Unaniacha kwa sababu ya kadi?"

"Mwenyekiti," akasema. Akiniita hivyo najua nimekwisha. "Miaka kumi na sita nakusikia ukiwatetea watu. Unajua jina la kila fundi aliyekatwa kidole pale kwenu. Mimi umewahi kuniambia neno moja ambalo huwezi kumwambia mwanamke mwingine barabarani?"

Nikafungua mdomo.

"Usiniambie mimi ni ua," akasema.

Akanisogezea fomu.

"Fomu inatakiwa tarehe ishirini na saba. Krismasi niandikie mistari minne. Minne tu, yenye vina, kama ile mnayowauzia watu. Lakini iwe haimfai mke wa mtu mwingine. Ikimfaa, mpelekee huyo mwingine, mimi nitasaini yangu."

Hapo ndipo tulipoishia wiki iliyopita.

Sasa, mtu anayejua historia yangu angesema hiyo ni kazi nyepesi. Nani aliyetunga nyimbo zote za mgomo? Mimi. Nani aliyefundisha watu mia mbili kuimba kwa mizani wakiwa wamesimama juani? Mimi, ambaye shule niliiacha darasa la saba na mengine nikajisomea kwenye karatasi zilizoharibika mashineni. Nilikaa mezani Jumamosi asubuhi, nikakunja mikono ya shati, na kabla chai haijapoa nilikuwa na hii:

*Mke wangu shikamana, tusimame kama chuma,*
*wanyonyaji wakiona, wataanza kutetema.*

Nikaihesabu kwa vidole. Nane kwa nane. Vina vya kati vimekaa, vya mwisho vimekaa. Nikajiona bingwa.

Jumatatu nikampelekea Mama Koma. Huyu ndiye msahihishaji wetu. Amekaa kwenye kiti kile tangu kabla sijaajiriwa, na hakuna nukta inayotoka kiwandani bila yeye kuipa ruhusa. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Kipaza, mwanangu. Unamwandikia mkeo au unamwita maandamanoni?"

"Kuna mapenzi ndani yake, mama. 'Shikamana.'"

"Wanyonyaji wameingiaje chumbani kwenu?"

Ni swali ambalo hata mke wangu amewahi kuuliza.

Nikarudi mezani kwangu, nikaamua kuwa laini. Nikaandika upya. Mama Koma akasoma ya pili kwa sauti, na mpanga kurasa kwenye kompyuta yake akaanza kucheka kabla hajafika mwisho:

*Ewe asali ya moyo wangu, wewe nyota ya maisha yangu...*

"Hii naijua," akasema Mama Koma. "Hii ni Namba Tisa imevaa kofia."

"Sikunakili! Imetoka kichwani mwangu!"

"Najua. Ndiyo ubaya wake." Akavuta faili la beti. Lazima nikueleze faili hilo, maana wewe ni mteja na hujui unalishwa nini. Kiwanda chetu kina beti kumi na nne za Krismasi, zina namba, hazijabadilika tangu enzi za meneja wa kwanza. Mwenye duka anapiga simu: nipe Namba Tatu maboksi mawili, Namba Tisa maboksi manane. Hivyo ndivyo ulivyompenda mkeo mwaka jana. Kwa maboksi.

Mama Koma akaipitisha kalamu nyekundu kwenye miisho ya mistari. "Soma silabi za mwisho tu."

"Ngu," nikasoma. "Ngu. Ngu. Ngu. Ngu."

"Beti kumi na nne, kumi na moja zinaishia na ngu. Unajua kwa nini? Ukishachagua ngu, umefungua mlango, na wanaoingia ni wale wale. Wangu, yangu, langu. Mpenzi wangu, roho yangu, ua langu. Na angalia vizuri: ubeti mzima unamsifu nani? Kila mstari unaishia kwako wewe. Mke hayumo. Yumo mwenye mali."

Nilishikwa na hasira. Si kwa Mama Koma. Kwa ngu. Miaka yote napiga kelele dhidi ya watu wanaojimilikisha vitu, na nilikuwa nawakatia wao kingo ziwe sawa.

"Basi nichague kina gani?"

"Kina kigumu kidogo. Kinachokulazimisha kutaja kitu. Jaribu ni."

"Ni?"

"Mlangoni. Jikoni. Mfukoni. Kina cha ni kinakutaka useme mahali, na ukishataja mahali lazima useme pana nini. Uongo haupendi kuulizwa uko wapi. Lakini hujafika huko. Kwanza niandikie vitu kumi anavyofanya mkeo. Si alivyo. Anavyofanya. Mrembo sitaki, mpole sitaki, mcha Mungu sitaki. Nataka mikono yake inafanya nini."

Nikachukua karatasi. Nikaandika namba moja hadi kumi, kwa mstari ulionyooka. Nikaandika vitu vitatu.

Vitatu!

Mimi ninayekumbuka kwamba tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, miaka minane iliyopita, meneja alizima feni chumba cha kukunjia saa tano na dakika ishirini. Mimi ninayekumbuka shati alilovaa. Miaka kumi na sita na mwanamke mmoja, vitu vitatu, na kimoja kilikuwa "anafanya kazi sana."

"Hicho futa," akasema Mama Koma. "Hata punda."

Wiki hiyo nikamtazama mke wangu. Namaanisha kumtazama, kama ninavyoutazama ukingo wa karatasi kabla kisu hakijashuka. Alipotoka, nilimtazama. Alipokaa, nilimtazama. Siku ya tatu akaweka kijiko chini.

"Unanipeleleza?"

"Hapana."

"Una homa?"

"Hapana."

"Basi geukia ukutani ule chakula chako."

Lakini nilikuwa nimeshapata. Nilimfuata siku moja hadi kazini, eti nampelekea mwavuli, na kupitia mlango ulioachwa wazi nikamwona akijiandaa kumpima mama mmoja mjamzito. Alisimama kwanza, akaingiza viganja vyote viwili kwapani, akakaa hivyo kama mtu anayesikia baridi. Mama yule akamwuliza, "Dada, unaumwa?" Mke wangu akasema, "Hapana. Mikono yangu ni ya baridi. Sitaki kumshtua mwenye nyumba." Kisha akaweka viganja tumboni, taratibu.

Miaka kumi na sita. Hata usiku, kabla hajanigusa bega, nasikia shuka likisogea kwanza. Nilidhani anajikuna.

Na kitu cha pili sikuhitaji kukitazama. Nilikuwa nakijua, ila sijawahi kukisema kwa mtu, na wewe ndiye wa kwanza kukisoma. Mke wangu hamalizi chai. Akitoka zamu anamimina kikombe kizima, anakunywa hadi nusu amesimama dirishani, halafu anaitwa au anakumbuka jambo au usingizi unamzidi, anakiacha. Anadhani nakwenda kuimwaga. Siimwagi. Naimaliza, baridi hivyo hivyo, nikiwa nimesimama pale pale aliposimama. Kisha naosha kikombe. Mtu mzima, mwenyekiti, nakunywa makombo kwa siri kama mwizi.

Kwa nini? Usiniulize. Nilipomweleza Mama Koma, hakuniuliza. Alisogeza karatasi tupu mbele yangu, akasema, "Haya. Sasa unacho."

Tukafanya kazi mapumziko matatu ya mchana. Nakuonyesha jinsi ilivyokwenda, ili usije ukadai hukuonyeshwa.

Kwanza nafasi. Kadi yetu ndogo ikifunguliwa ina upana wa kiganja. Mstari wa mizani kumi na sita haukai humo kwa herufi zinazosomeka, kwa hiyo kila mstari unakatwa katikati, nane juu, nane chini. Maana yake kina cha kati nacho kinakaa mwisho, kinaonekana, huwezi kukificha. Tukachagua sha kwa cha kati, kwa sababu ya neno moja tu: pasha.

"Mikono unaipasha," nikasema nikigonga meza. Mi, ko, no, u, na, i, pa, sha. Nane.

"Wapi?"

"Kwapani."

"Kwapani si neno la kadi," akasema mpanga kurasa bila kugeuka.

"Ndiyo maana litabaki," akasema Mama Koma.

Mstari wa pili ulinitesa siku nzima. Nilikuwa nimeandika "usije ukamtisha mtoto aliye tumboni." Nzuri kwa maana, lakini mkia una silabi tisa, kwa sababu ile m ya mtoto inasimama peke yake, ukiihesabu kwa jicho utaiona herufi, ukiihesabu kwa mdomo utaisikia ni pigo zima. Nikasema tuimeze. Mama Koma akasema, "Usimeze kitu, kata." Nikamkata mtoto, nikabakiza usingizi wake: aliyelala tumboni. Nane. Na ikawa nzuri kuliko ilivyokuwa, maana sasa unamwona amelala na unaogopa kumwamsha.

Krismasi yenyewe ilinigomea. Lipitishe mdomoni: kwa haraka silabi tatu, kwa kuliburuta tano, na kila msomaji ana haraka yake. Neno lisilojua lina mizani ngapi halifai kwenye ubeti. Nikaweka sikukuu, inayohesabika vidoleni bila ugomvi.

Na mstari wa mwisho nilitaka uwe mkubwa. Nilitaka "nakupenda" ndani yake. Mama Koma akaweka kidole juu ya neno hilo. "Ondoa, halafu soma. Kama mapenzi yameondoka nalo, lirudishe."

Nikaondoa. Nikasoma. Hayakuondoka.

*Mikono unaipasha,*
*kwa kuitia kwapani,*
*usije ukamtisha,*
*aliyelala tumboni;*
*chai nusu wabakisha,*
*kikombeni dirishani:*
*hiyo nusu yanitosha,*
*sikukuu ya nyumbani.*

Mpanga kurasa alisimamisha vidole. Mama Koma akasoma mara mbili, ya pili kimya. Akaweka alama ya vema pembeni kwa wino mwekundu na herufi zake mbili, ndiyo sahihi yake, kama anavyoweka kwa kila karatasi inayopita mikononi mwake, hata orodha ya sokoni.

Nami nikasaini chini. Kwa nini? Kwa sababu miaka kumi na minne sijaandika karatasi nisiisaini. "Mwenyekiti wa Kamati," na mkia wa sahihi unaozunguka.

Ubeti ulikuwa kichwani mwangu tayari. Kengele ikalia, nikamwachia karatasi mezani kwake, nikaenda kunoa kisu. Siku iliyofuata Mama Koma akaanza likizo yake.

Hapa nataka usogee karibu.

Miaka mitatu iliyopita, kamati yangu ilipambana na uongozi kuhusu faili lile la beti. Wewe hukutuunga mkono, ulisema, "Kadi ni kadi." Tulidai kiwanda kiache kuwauzia watu maneno yaliyokufa. Tulidai wafanyakazi wenyewe waruhusiwe kutunga. Tukashinda. Kifungu cha nne cha makubaliano nilikiandika kwa mkono wangu: ubeti wowote wenye sahihi ya msahihishaji na ya mwenyekiti, ukiwa kwenye trei nyekundu, utapangwa na kuchapwa, na meneja hatakuwa na mamlaka ya kuuzuia.

Kwa miaka mitatu hakuna aliyetunga kitu. Trei nyekundu ilikuwa inawekewa miwani.

Trei hiyo iko juu ya meza ya Mama Koma, pale pale nilipoacha karatasi, na mpanga kurasa hupanga chochote anachokikuta humo.

Jumatano iliyofuata nilikuwa kwenye mashine yangu. Kazi ya siku: kadi ndogo, kengele ya dhahabu kwenye theluji, elfu nane. Karatasi zinakuja kwangu picha ikiwa juu, maneno yakiwa chini. Napanga tita, nasukuma hadi kwenye ukingo, nabonyeza kwa mikono miwili, kisu kinashuka. Tita, ukingo, mikono miwili. Sikugeuza hata moja. Kwa nini nigeuze? Najua kilicho ndani, nikasema moyoni. Ua, nyota, asali. Nikakata elfu nane nikiwa na dharau usoni, na nikiwaza jinsi ubeti wangu ulivyo bora.

Saa tisa alasiri nikasikia kicheko kutoka meza ya kukunjia.

"Jamani, sikieni hii! Kuna mwanamume hapa anakunywa makombo ya chai ya mkewe!"

"Wa wapi huyo? Nimtumie wangu akafundishwe!"

"Na huyu wa kupasha mikono kwapani ni nani? Mpika maandazi?"

Nilivuka chumba kile sijui kwa miguu ya nani. Nikafungua kadi. Mikono unaipasha. Nikafungua nyingine. Mikono unaipasha. Nikafungua ya tatu, kana kwamba ya tatu ingenihurumia. Hata kosa moja la chapa hapakuwa. Juu kabisa, kwa herufi ndogo: Ubeti Namba Kumi na Tano.

Nikapanda ngazi kwa meneja. Meneja wetu ni mtu wa suti ya kijivu ambaye amenichukia kwa adabu tangu tarehe ile ya feni.

"Simamisha kadi," nikasema.

"Kipaza! Hongera, bwana. Nimeisoma. Mke wangu ameniuliza kwa nini mimi sinywi makombo yake."

"Ni barua yangu ya nyumbani. Imechapwa kwa makosa. Zuia zisitoke."

"Nizuie?" Akafungua droo. Polepole, ndugu yangu, polepole kama mtu anayefungua zawadi. Akatoa makubaliano, yana mikunjo ya kusomwa mara nyingi. "Kifungu cha nne. 'Meneja hatakuwa na mamlaka ya kuuzuia.' Sahihi mbili, trei nyekundu. Unaitambua sahihi hii yenye mkia?"

"Nakuomba kama mwanamume kwa mwanamume."

"Mwaka ule wa makubaliano nilikuomba hivyo hivyo. Ulinijibu nini?"

Alijua ninakumbuka. Nilimjibu hivi, mbele ya watu mia mbili: *Kilichosainiwa kimesainiwa.*

"Kilichosainiwa kimesainiwa," akasema meneja, akarudisha karatasi ndani ya droo. "Na lori limeondoka saa sita na nusu na maboksi ya kwanza. Maduka yanapiga simu. Wanasema hatimaye kiwanda kimeandika kitu cha kweli. Umeshinda, mwenyekiti."

Nimeshinda. Mimi niliyeapa kuandika ubeti usiomfaa mke wa mtu mwingine, nimewaandikia wake elfu nane.

Na ajabu ni kwamba unawafaa! Hilo ndilo linaloniua. Alhamisi nilisimama dukani nikaona mwuza nyama akinunua. Nikamwuliza, "Mkeo anapasha mikono kwapani?" Akasema hapana. "Anabakisha chai?" Hanywi chai. "Sasa unanunua nini?" Akaniangalia kama mgonjwa. "Bwana, si lazima iwe yake. Inasikika kama ya mtu."

Nilinunua zote zilizokuwa kwenye rafu ile. Duka la pili, nikanunua. La tatu wakasema zimekwisha asubuhi.

Nikarudi nyumbani nimepanga. Nina siku chache, nitatunga mwingine. Nikakaa, nikaandika namba moja hadi kumi. Nikapata vitu kumi na saba! Sasa hivi namwona, jicho limeshafunguka, halifungiki. Anavyokunja risiti kuwa mashua. Anavyoimba ubeti wa pili tu wa kila wimbo. Lakini kila nilichoandika kilikwenda chenyewe kwenye chai na kwapa, maana ukweli ule nilikuwa nimeshausema mara moja, kwa ukamilifu, na ulikuwa umeshaondoka na lori.

Jana mchana akarudi kutoka zamu. Kanga begani, viatu mkononi. Akachomoa mkobani bahasha nyeupe, imefungwa, akaiegemeza dirishani.

Nyuma ya bahasha niliona alama ya kiwanda chetu.

"Imetoka wapi hiyo?" Sauti yangu ilinisaliti, lakini alikuwa anamimina chai.

"Baba mmoja. Mkewe nilimzalisha juzi, mtoto alikuja amekaa vibaya, tukahangaika naye kwa saa kumi na moja. Leo amekuja na kadi. Anasema aliisoma dukani akasimama, akasema huyu ni yule dada wa mikono ya moto." Akacheka kidogo. "Unaona? Mtu nimemjua kwa saa kumi na moja tu."

"Umeifungua?"

"Bado. Nitaifungua Krismasi, pamoja na yako." Akaniangalia juu ya kikombe. "Yako ipo, Mwenyekiti?"

"Ipo," nikasema. Mungu anisamehe.

"Basi vizuri. Nataka nizisome pamoja, nione nani ananijua zaidi."

Fomu ilikuwa bado mezani. Kalamu ilikuwa juu yake, juzi haikuwapo.

Niliingia chumbani, nikakaa kitandani, nikafikiria. Kuiba bahasha? Ataijua. Kumwambia yote? Atauliza: ulikata elfu nane bila kugeuza hata moja? Nami nitajibu nini? Kwamba nilidhani najua kilicho ndani? Hilo ndilo kosa lenyewe aliloniletea fomu.

Nikasikia mlango. Amekwenda kulala chumba cha pili, kama kawaida baada ya zamu. Nikatoka kwenda dirishani kufanya ninachofanya kila siku.

Kikombe kilikuwa pale. Nikakiinua.

Kitupu.

Hajawahi. Miaka kumi na sita, hajawahi. Kilikuwa kimeoshwa, kimefutwa, na bahasha ilikuwa imekiegemea. Nikaishika bahasha nikaipeleka kwenye mwanga. Gundi ilikuwa imekaa. Au ilikuwa imekaa tena. Mimi ni mtu wa karatasi, nimeshika karatasi maisha yangu yote, na sikuweza kutofautisha.

Je, amesoma? Amesoma akajua ni yangu, akanywa yote ili nisipate hata nusu? Au aliona kiu tu, siku moja, kama watu wengine?

Krismasi ni keshokutwa. Gazeti hili mke wangu halisomi. Anasema ananisikia vya kutosha bure. Kwa hiyo nakutegemea wewe, uliyepita getini na mkate wako, na sasa huna pa kuangalia.

Nyanyuka. Nenda kwenye rafu. Fungua kadi ya kengele ya dhahabu, ile uliyomnunulia mkeo bila kugeuza ndani. Ukikuta mikono na kwapa na chai, usimpe. Hiyo si ya mkeo. Ina mwenyewe, na mwenyewe ana kalamu juu ya fomu. Futa mistari yangu yote kwa wino. Upande wa kushoto ni mweupe, niliukata mwenyewe. Andika hapo kitu kimoja ambacho mikono yake inakifanya na hakuna mwingine anayekijua. Vina si lazima. Ngu usiiguse.

Na kama umekaa na kalamu na hukioni hata kimoja, mkeo yuko chumba cha pili. Nenda kamwangalie. Sasa hivi, kabla hajamaliza chai yake.